Mistari Kumi na Minne Bila Neno

Mwaka ule mvua zilikataa kuisha. Kawaida kwetu Kericho mvua ni ya alasiri: asubuhi unaanika nguo, saa nane unazianua mbio, jioni jua linarudi kidogo. Mwaka ule tulikuwa tunaamka nayo na kulala nayo. Chai ilistawi vibaya mno, yaani ilistawi kuliko mikono ya kuichuma, na barabara za kwenda mashambani zikageuka uji. Na mbu, ambao nyanda zetu za baridi hazikuwazoea, walipanda milima.

Nilikuwa nafanya kazi katika chumba cha kompyuta cha kampuni moja ya chai, kwenye ofisi kuu. Kilikuwa chumba kidogo chenye mapazia mazito na zulia la kijani, na ilikuwa lazima uvue viatu mlangoni ili usiingize matope. Tulikuwa wawili, mimi na bosi wangu, mzee mpole wa Bomet aliyefundishwa kompyuta ukubwani na aliyekuwa akiziheshimu kama watu wanavyomheshimu ng'ombe mkali. Mimi nilikuwa nimehamishiwa hapo kutoka ubao wa simu. Kule kwenye simu ndiko nilikojifunza tabia iliyonifuata maisha yangu yote. Mtu akipiga kutoka shamba la mbali, laini inakwaruza, mvua inapiga bati upande wake, unalazimika kumrudishia alichosema kabla ya kuuliza umpitishie nani. "Nimesikia umesema hivi na hivi. Ndivyo?" Mara nyingi haikuwa ndivyo.

Kila shamba la kampuni lilikuwa na kempu zake, yaani makazi ya wachumaji, na dispensari yake, na kila mwisho wa mwezi dispensari zilituletea hesabu za wagonjwa ndani ya diski, kwa gari la posta ya ndani. Sisi tulijumlisha, tukachapa ripoti moja, na bosi akaipeleka kwa daktari mkuu katika hospitali ya kampuni. Mwaka ule gari la posta lilikwama mara nyingi hata likaacha kwenda mashamba ya mbali. Ndipo dispensari zikaambiwa zitumie imeili. Ilikuwa bado jambo geni. Modemu ililia kama kuku aliyekanyagwa, kisha ukangoja, kisha ujumbe ukashuka mstari kwa mstari.

Asubuhi moja nilifungua imeili kutoka dispensari ya shamba la mbali kuliko yote. Aliyeituma alikuwa mtu wa Londiani, Mkikuyu ambaye wazazi wake walilima viazi huko. Cheo chake hakikuwa cha daktari, alikuwa kliniko ofisa, yaani tabibu, lakini shamba zima lilimwita daktari, nasi pia tulimwita hivyo. Nilikuwa namjua kwa sauti tu, tangu siku zangu za simu. Sauti yake ilikuwa ya taratibu, na hakukata simu bila kuuliza watu wa kwenu wako aje.

Safari hii hakuuliza chochote. Hakukuwa na salamu, wala kichwa cha barua, wala "tafadhali". Ilikuwa mistari ya tarakimu tu, iliyonakiliwa kutoka kwenye jedwali lake na kubandikwa ndani ya imeili, bila hata ule mstari wa juu unaotaja kila safu ni ya nini. Jina lake halikuwepo chini.

Bosi alikuja akasimama nyuma yangu, miwani juu ya paji la uso.

"Huyu naye," alisema. "Weka jumla umrudishie. Ripoti inangojwa."

"Jumla ya nini, bosi?"

"Ya wagonjwa. Si ndiyo wanataka siku zote?" Akainama, akagusa kioo kwa kidole. "Na huu mstari umejirudia. Ona, huu na huu ni kitu kimoja. Futa mmoja."

Nilitazama alipogusa. Kweli mistari miwili iliyofuatana ilifanana kila tarakimu. Nikasema, "Hajaandika kama anataka jumla. Wacha nimuulize."

"Ukimuuliza, atajibu kesho kutwa."

"Nitamwambia kwanza ninachokiona. Halafu akijibu, atakuwa anajibu kitu."

Bosi alishusha miwani, akanitazama, akasema niulize lakini nisimcheleweshe. Kisha akaenda kutafuta chai.

Nilivuta kiti karibu, nikachukua rula ya mbao na kuiweka kwenye kioo ili macho yasirukeruke. Imeili za siku hizo hazikushika safu vizuri. Tarakimu zilizokuwa zimepangana kwenye jedwali zilifika zimepinda, moja imesogea kushoto, nyingine kulia, kwa hivyo ilibidi niende polepole nijue ipi ni ya safu gani. Nilipomaliza nilimwandikia. Barua ile naikumbuka karibu yote, kwa sababu baadaye nilichapa nakala yake mara kadhaa.

"Daktari, salamu. Nimepata ulichotuma asubuhi hii. Hakikuja na maneno, kwa hivyo nakuambia ninachoona kabla sijagusa kitu. Naona mistari kumi na minne, na kila mstari una safu nane. Safu ya kwanza siwezi kuisoma. Imekuja kama vijistari vilivyopishana, kama wavu. Huwa hivyo safu ikiwa nyembamba kuliko kilichomo, na nadhani kwako ni tarehe. Ya pili ni tarakimu tano tano, inafanana na namba ya mzazi kazini. Ya tatu naichukulia kuwa kempu, na mistari tisa ni ya kempu moja. Ya nne huenda ni umri kwa miezi, maana hakuna inayofika sitini. Kama sivyo, nirekebishe. Ya tano ni kama joto la mwili. Ya sita ni dawa, na mistari yote imeandikwa dawa moja, klorokwini. Ya saba ni kama joto tena, na hakuna hata mstari mmoja ambao limeshuka likawa la kawaida. Ya nane ni herufi. Naona N tano na H tano, na sijui maana yake. Minne haina herufi, ni tupu. Mstari wa sita na wa saba inafanana kila kitu, na yote miwili ni tupu mwishoni. Sijui kama ni mtoto mmoja aliyeandikwa mara mbili ama ni watoto wawili. Sijafuta. Sijajumlisha. Ungependa nifanye nini na mistari hii? Nijumlishe, niipange, nichape, ama kuna jambo lingine?"

Nilituma, modemu ikalia, nikaendelea na mashamba mengine.

Jibu lilikuja baada ya chakula cha mchana. Lilikuwa fupi. "Ni wawili. Nakuja."

Kutoka kule hadi ofisi kuu, siku kavu, ni safari ya asubuhi nzima. Siku ile ya mvua alikuja kwa trekta la majani hadi barabara ya lami, kisha akaomba lifti. Alifika kesho yake kabla ya saa sita, na koti la mvua linalodondosha maji na gambuti nyekundu kwa udongo. Alizivua mlangoni bila kuambiwa. Soksi moja ilikuwa na tundu kidoleni. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mvi chache, mdogo kuliko sauti yake.

"Ni wewe?" aliniuliza.

"Ni mimi, daktari. Karibu. Watu wa kwako wako aje?"

Badala ya kujibu alifungua vifungo vya koti. Akakaa kwenye kiti nilichomvutia. Bosi alimpa mkono, akamwagizia chai, na tukamwacha akishike kile kikombe kipate kumpasha vidole.

"Mwezi uliopita nilituma mistari kama hii ndani ya diski," alisema mwishowe, akimtazama bosi bila hasira. "Mkanirudishia jumla. Mwezi wa kabla yake, jumla. Kila nikipata jumla, naona kama nimepewa mzigo wangu mwenyewe, umefungwa vizuri zaidi."

Bosi alisema, "Daktari, hukutuambia unataka nini."

"Sikuwa najua nataka nini. Ama nilijua, lakini kila nikianza kuandika maneno, nawaona wale watoto." Akaniangalia. "Jana nikasoma barua yako. Nikasoma tena. Umeniambia tu vitu nilivyoandika kwa mkono wangu. Lakini ulipoandika kwamba hakuna mstari hata mmoja ambao joto limeshuka, niliinuka nikafunga mlango wa dispensari. Wagonjwa wakangoja nje."

Nilimuuliza herufi zile ni nini.

"N ni nyumbani. Amerudi nyumbani, tunamwangalia. H ni hospitali, tumempeleka huku kwenu."

"Na zilizo tupu?"

Alizungusha kikombe juu ya goti.

"Nilijaribu kuweka herufi," alisema. "Niliweka F. Nikaitazama. Nikaifuta. Nikasema nitaweka kesho."

Mvua iliendelea juu ya bati la gereji jirani. Bosi alivua miwani yake, akaifuta kwa shati, akaivaa, kisha akasema kama anayezungumza na meza: "Mimi huhesabu safu ya mwisho. Ndivyo nilivyofundishwa, unahesabu safu ya mwisho ili ujue waliomaliza matibabu. Na kompyuta ikihesabu, inahesabu kilichoandikwa. Kilicho tupu inakiruka."

Alitafuta ripoti za miezi miwili kwenye kabati akaziweka mbele yetu. Kwa dispensari ile, kwenye ukurasa wa daktari mkuu, watoto waliokufa hawakuwa wamehesabiwa kama waliokufa wala kama waliokuwa hai. Hawakuwa wamehesabiwa kabisa. Kempuni kila mtu aliwajua. Walichanga pesa za kuwazika. Ila karatasi ilikuwa imepita bila wao, na kwa sababu walikosekana, wale waliobaki walionekana wengi wanapona.

Bosi hakujitetea. Aliketi. Nakumbuka aliomba msamaha kwa Kipsigis, lugha ambayo mgeni wetu hakuijua sawasawa, na mgeni alielewa.

Nilimuuliza tena daktari, kwa sababu swali lilikuwa bado halijajibiwa, angependa tufanye nini na ile mistari. Safari hii alijibu mara moja.

"Sitaki jumla. Nataka daktari mkuu aione kama ulivyoiona wewe. Mstari kwa mstari. Dawa hii ya malaria haifanyi kazi tena. Nawapa, wanameza, homa inashuka siku moja ama haishuki kabisa, kisha wanarudishwa kwangu wamebebwa. Mimi nikisema, ataniuliza kama niliwapa vizuri. Ataniuliza kama mama zao waliwamezesha. Nami nitakosa maneno."

Basi tulikaa pamoja. Alinipa tarehe kutoka kwenye kijitabu cha mfukoni, maana zile za wavu zilikuwa zimepotea njiani, nami nikazichapa. Nikaweka vichwa vya safu. Kwenye nafasi nne tupu aliniambia niandike neno zima, si herufi. Niliandika "alikufa" mara nne. Mstari wa sita na wa saba niliiacha pale pale, na pembeni nikaweka neno "mapacha".

Daktari mkuu alikuwa mama mrefu, mwenye haraka, ambaye watu walimwogopa. Alitupokea amesimama. Alisoma ukurasa ule hadi chini, akaurudia, kisha akakaa.

"Nimekuwa nikisikia hivi kutoka hospitali nyingine," alisema. "Nilikuwa sijaona kwetu."

"Imekuwa kwetu muda, daktari," alisema mgeni wetu.

"Naona." Akaweka kidole kwenye mstari wa sita, akakiacha hapo. "Kuna jambo moja lazima nijue kabla sijapigia watu simu. Hawa walimeza dawa yote? Siku zote tatu? Hawakutapika? Ukiniambia dawa imeshindwa, nitaulizwa hilo kwanza."

"Nitawauliza wazazi."

"Utawauliza kwa lugha gani?"

Alitabasamu kidogo, mara ya kwanza. "Kipsigis yangu ni ya dispensari. Kohoa, vua shati, meza. Haifiki huko."

Wote wawili wakanitazama mimi, ambaye Kipsigis ni lugha yangu ya mama.

Nilienda naye siku iliyofuata katika gari la hospitali, pamoja na kijana wa maabara aliyebeba vioo vya kupimia damu. Sikuwahi kufika shamba lile. Chai ilitanda kila upande, imekatwa sawa kama imechanwa na kitana, na ukungu ukiwa umelala mabondeni. Ni nchi ya kupendeza sana machoni. Kempu ilikuwa safu za nyumba za matofali zilizopakwa chokaa, mfereji ukipita mbele, na mfereji umejaa maji yasiyokwenda. Kijana wa maabara aliutazama, akatikisa kichwa.

Tulipita nyumba kadhaa. Kina mama walijibu waziwazi. Walimezesha siku zote. Dawa ni chungu, mtoto anaitema, unamfunga pua, unampa tena. Mmoja alituonyesha karatasi ya vidonge, tupu, aliyoiweka chini ya godoro akidhani ataulizwa siku moja. Mimi nilitafsiri, daktari akaandika, na kijana wa maabara akachukua tone la damu la kila mtoto mwenye homa.

Nyumba ya mama wa wale mapacha tuliiacha mwisho. Daktari ndiye aliyetaka hivyo.

Alikuwa mwanamke wa umri kama wangu, kutoka upande wa Siongiroi, amekuja kuchuma chai na mume wake. Mume alikuwa kazini. Yeye alikuwa amerudi siku chache tu kutoka kuwazika nyumbani, na alikuwa bado hajaanza kwenda shambani. Tulisalimiana, "chamgei", nikampa pole, akaitikia kama anayepokea kitu kutoka kwenye mikono ya watu wengi. Alituketisha kitandani, maana kiti kilikuwa kimoja na alikuwa amempa daktari.

Nilimuuliza kwa Kipsigis, polepole, kama alivyonielekeza daktari. Je, watoto walimaliza dawa?

"Walimaliza," alisema. "Nilikuwa nasaga kwa kijiko, natia sukari. Nampa wa kwanza, analia. Yule mwingine akimsikia analia anaanza kulia kabla sijamfikia. Nampa naye. Siku ya kwanza mmoja alitapika. Nilienda kwa daktari akanipa nyingine. Muulize."

Nikatafsiri. Daktari aliinamisha kichwa. "Ni kweli. Nilimpa."

"Siku ya pili na ya tatu hawakutapika?"

"Hawakutapika. Homa ilishuka kwa mmoja, tukafurahi. Alikunywa uji. Kisha ikarudi kwa wote wawili, jioni moja." Aliacha. Alikuwa anapangusa magoti yake kwa viganja, ingawa gauni halikuwa na kitu. "Watu wananiuliza nani alitangulia. Kila anayekuja. Kwa nini wanataka kujua hivyo?"

Hilo sikulitafsiri. Daktari hakuniuliza amesema nini. Nadhani alikuwa ameelewa vya kutosha.

Tulipokuwa tunainuka, alinishika mkono wa sweta.

"Wewe ndiwe unayeandika kwenye mashini ya kampuni?"

"Ni mimi."

"Wangu wako huko?"

"Wako."

"Wameandikwa wawili? Maana mimi namba yangu ya kazi ni moja, na kadi ni moja, na umri wao ulikuwa mmoja. Karani wa kempu aliwahi kuniandikia mmoja kwa ajili ya maziwa, akasema amedhani ni makosa."

"Wameandikwa wawili," nilisema.

"Wanafuatana?"

"Wanafuatana. Mmoja, kisha mwenzake."

Aliachilia sweta yangu. "Kongoi," alisema, yaani asante, na akageuka kutafuta kitu ambacho hakikuwepo kwenye rafu, ili tusimwone usoni.

Kwenye gari daktari alisoma tena alichoandika hadi tulipopita daraja la mwisho. Kijana wa maabara alikuwa amekumbatia kisanduku chake cha vioo kama mtu aliyebeba mayai. Kisha daktari aliniuliza yule mama alikuwa ameniambia nini tulipokuwa tunainuka, nami nikamwambia. Alimwomba dereva asimame. Akateremka, akasimama ukingoni mwa chai na mgongo kwetu, mvua ikimnyeshea kichwani. Dereva alizima injini. Hatukumwita. Aliporudi alikuwa amelowa kabisa, akaomba radhi kwa kulowesha kiti.

Damu ilipopimwa ilisema kile mistari ilichosema. Daktari mkuu alipiga simu zake, na baada ya muda ikaja dawa nyingine, ya kumeza mara moja tu. Ilianza na dispensari ile, kisha nyingine zote. Mfereji ulizibuliwa. Watoto waliendelea kuugua, hilo sitaficha, kwa maana mvua zilikuwa bado zinanyesha na mbu hawakuwa na haraka ya kushuka. Lakini kwenye mistari iliyokuja miezi iliyofuata, joto la pili lilianza kuwa dogo kuliko la kwanza. Nilikuwa naitafuta safu hiyo kabla ya nyingine yoyote. Daktari sasa aliandika maneno machache juu: "Salamu. Hii ni ya kuchapa." Ama: "Hii usiifanye kitu. Itazame tu uniambie."

Nami nilimwambia. Mistari mingapi, safu gani, ipi sikuielewa. Hata siku ambazo hakukuwa na la ajabu.

Bosi alibadilisha namna yake ya kuhesabu. Aliweka safu ya mwisho iwe lazima ijazwe, na akapiga simu kila dispensari yeye mwenyewe kuwaeleza. Nilimsikia akisema kwenye simu, mara kwa mara, "Hapana, usiache tupu. Najua. Najua ni ngumu. Andika tu." Mwaka uliofuata alistaafu akaenda kwake Merigi kufuga ng'ombe wa maziwa. Alikuwa ameomba aende mapema.

Daktari alikaa kule mpaka ukame ulipofika, kisha akaomba uhamisho karibu na Londiani. Alipita ofisini kuaga. Aliniletea gunia dogo la viazi. Tulikunywa chai, tukazungumza juu ya bei ya mbegu na juu ya mtoto wake aliyekuwa anaingia sekondari. Juu ya kempu hatukuzungumza. Alipokuwa anavaa viatu mlangoni aliniuliza kama namjua mtu anayetoka Siongiroi. Nilisema nina shangazi huko. Akasema yule mama na mumewe walikuwa wameacha kazi na kurudi kwao, nyumba yao ilipewa watu wengine kabla hata vumbi halijatulia, na yeye hakupata kumwambia kwamba dawa ilibadilishwa.

"Labda amesikia," nilisema.

"Labda."

Nilienda Siongiroi siku ya soko, mara mbili tatu, kwa visingizio vya shangazi. Soko lile ni kubwa, mbuzi na ng'ombe na mahindi na wanawake wengi wenye umri ule, wenye leso kichwani, wakishika vitu na kuvirudisha. Sikuwa nimeuliza jina la yule mama. Kwenye mistari yangu alikuwa tarakimu tano. Nilisimama karibu na wauza vyungu nikitazama nyuso hadi jua likawa kali, kisha nikamnunulia shangazi sukari, nikarudi.